Picha ikiwa linki, kwa nini alt iseme inakokwenda badala ya kilichomo pichani?

#1 FundiTovuti_Moro

Wakuu, salaam. Nimetengeneza tovuti ya chuo kimoja, na mteja akaipeleka kwa mkaguzi wa ufikivu kabla ya kunilipa awamu ya mwisho. Ripoti imerudi na picha sita za ukurasa wa mwanzo zimekataliwa. Zote ni picha zinazobonyezwa, na zote zina alt. Hakuna hata moja niliyoiacha wazi. Tazameni ya kwanza:

```
<a href="/udahili/maombi">
  <img src="bango1.jpg"
   alt="Wahitimu wanne wa kike wamevaa joho, wanacheka mbele ya maktaba">
</a>
```

Mkaguzi kaandika kwamba alt haielezi madhumuni ya linki, na anataka iwe "Omba udahili". Mimi najua alt ni maelezo ya picha kwa mtu asiyeiona. Pichani kuna wahitimu wanne, nimesema kuna wahitimu wanne. Neno "udahili" halimo kwenye picha ile hata kidogo. Nikiandika hivyo si nitakuwa nimemwambia asiyeona kitu ambacho hakipo? Naomba sababu yenyewe, si kuambiwa tu kwamba mwongozo umesema.

#2 Kipanga254

Hii ni stori ya Google, mkuu. Picha ikiwa ndani ya linki, Google huchukua alt kama vile ni maneno ya ile linki, kwa hiyo inaitumia kuelewa ukurasa wa mbele unahusu nini. Ukiweka "wahitimu wanne" umepoteza nafasi. Weka maneno yanayotafutwa: "udahili chuo Morogoro ada nafuu diploma cheti maombi mtandaoni". Kazi imeisha.

#3 Bi_Tumaini

Kipanga, sehemu ya kwanza ni kweli, Google wenyewe wamelieleza hilo. Ila huo msururu wako wa mwisho utasomwa wote masikioni mwangu, neno kwa neno, kila nikipita hapo. Mimi sioni, nasomewa na kisoma skrini: kwenye kompyuta natumia NVDA na kwenye simu TalkBack.

FundiTovuti, kabla sijakujibu naomba kitu. Tuwekee hapa alt zote sita kama ulivyoziandika, bila kutuambia zinakwenda wapi. Wote tukisie, wanaoona na tusioona.

#4 ChapaKazi

Samahani kuingilia. Na mimi nina tatizo la picha na linki. Nikituma linki ya biashara yangu WhatsApp, picha inayotokea pale juu ni ya zamani, ya ofisi ya kwanza. Hii alt itanisaidia kuibadilisha?

#5 FundiTovuti_Moro

Bi Tumaini, hizi hapa kwa mpangilio wake:

1. Ngao ya kijani yenye mwenge na kitabu
2. Wahitimu wanne wa kike wamevaa joho, wanacheka mbele ya maktaba
3. Jengo la utawala wakati wa jioni
4. Mkono umeshika kalamu juu ya karatasi
5. Mbuyu mkubwa na nyumba mbili nyuma yake
6. Herufi f nyeupe ndani ya duara la bluu

#6 Mzee_wa_Seva

ChapaKazi, hayo ni mambo mawili tofauti. Picha ya WhatsApp inatoka kwenye `og:image` iliyo kichwani mwa ukurasa wako. Badilisha hapo, na faili la picha lipe jina jipya ili isiletwe ile iliyokwisha kuhifadhiwa. Ukikwama fungua uzi wako, huu tuuachie mada yake.

Kukisia: 1 ukurasa wa mwanzo. 2 mahafali, labda albamu ya picha. 3 "Kuhusu chuo". 4 fomu ya maombi. 5 historia ya chuo. 6 Facebook.

#7 Lulu_wa_Chakechake

Mimi: 1 mwanzo, 2 matokeo, 3 mawasiliano, 4 kujiunga, 5 utalii?? 6 Facebook.

#8 Kipanga254

2 mahafali. 3 uongozi wa chuo. 4 fomu. 5 sijui kabisa, labda bustani.

#9 FundiTovuti_Moro

Majibu: 1 ukurasa wa mwanzo. 2 maombi ya udahili. 3 ada na namna ya kulipa. 4 ratiba ya mitihani. 5 malazi, kwa sababu hosteli ziko upande wenye ule mbuyu. 6 Facebook ya chuo.

Nakubali mmekosa nyingi. Lakini anayeona naye anaiona picha ileile ya mbuyu, na bado anafika kwenye malazi. Kwa hiyo tatizo ni alt au ni picha?

#10 Bi_Tumaini

Swali zuri, na jibu ni kwamba wewe anayeona unapewa vitu vingine ambavyo mimi sipewi. Nina hakika kwamba juu ya ile picha ya mbuyu kuna maandishi makubwa "MALAZI" yaliyochorwa humohumo ndani ya picha. Je, nimekosea?

#11 FundiTovuti_Moro

Hujakosea. Yapo kwenye zote nne za katikati. Mbunifu aliyaweka kabla ya kunipa mafaili.

#12 Bi_Tumaini

Basi ndiyo hayo. Uliyoyaandika ni mandhari, na neno lililobeba kazi ya picha umeliacha. Kwamba "udahili" halimo pichani si kweli hata ukiifuata kanuni yako mwenyewe ya kueleza kinachoonekana.

Sasa niwaambie ninavyotembea kwenye ukurasa. Siusomi kuanzia juu hadi chini kama gazeti. Kwenye NVDA nabonyeza K, narukia linki inayofuata, kisha K tena. Au nabonyeza Insert na F7, ambayo inanifungulia orodha ya linki zote za ukurasa peke yake, bila aya zilizokuwa jirani. Naandika herufi za mwanzo, orodha inanipeleka. Kama nataka ada, naandika "ada". Kwenye tovuti yako nikiandika "ada" sipati kitu, kwa sababu ada imejificha chini ya "Jengo la utawala wakati wa jioni". Hapo nitaamini kwamba chuo hakijaweka ada mtandaoni, nitapiga simu, nitaulizwa kwa nini sikutazama tovuti.

Mtu akiwa amesimama kwenye linki, swali lake ni moja: nikibonyeza nitafika wapi? Rangi ya anga si jibu la swali hilo.

#13 Mzee_wa_Seva

Niongeze upande wa mashine, maana FundiTovuti ameomba sababu yenyewe.

Linki haina jina la kuzaliwa nalo. Brauza hulitunga jina hilo kutokana na kile kilichomo kati ya `<a>` na `</a>`. Kukiwa na maneno, maneno ndiyo jina. Kukiwa na picha peke yake, brauza inachukua alt na kuifanya jina la linki, kisha inalikabidhi kwa kisoma skrini pamoja na taarifa kwamba hiki ni linki. Kwa hiyo alt ya picha iliyo peke yake ndani ya linki imepewa kazi nyingine. Umeiandika kama maelezo, lakini inatumika kama jina.

Jaribio langu la siku zote ni kuiondoa picha na kuyaacha maneno yake mahali pake:

```
<a href="/malipo">Jengo la utawala wakati wa jioni</a>
```

Je, ungemkabidhi mteja menyu ya maandishi iliyoandikwa hivyo? Usingethubutu. Na kwa brauza hiyo ndiyo linki uliyomkabidhi.

#14 Lulu_wa_Chakechake

Nawasikia mnaongelea wasioona tu, mimi nina macho mazima na jambo hili linanihusu. Natumia Opera Mini na picha nimezizima ili bando lidumu. Picha isipofunguka, alt ndiyo inayoandikwa pale na ndiyo ninayoibonyeza. Nikiwa nyumbani shamba mtandao ukiwa mzito hata nisipozizima picha hazifiki, maneno yanafika kwanza. Kwa hiyo ukurasa wako kwangu ni "Mkono umeshika kalamu juu ya karatasi", kaka. Ningepita nikaenda zangu.

Kwa maoni yangu sababu kubwa ndiyo hii. Alt iliwekwa kwa ajili ya picha ambayo haikufika.

#15 Kipanga254

Sawa, naona kila mtu ana sababu yake. Bi Tumaini anasema orodha ya linki, Mzee anasema jina, Lulu anasema bando, mimi nasema Google. Lakini kuna njia rahisi kuliko zote: acha alt ya wahitimu kama ilivyo, halafu weka `title="Omba udahili"` kwenye linki. Kila mtu anapata chake.

#16 Mzee_wa_Seva

Hapana, Kipanga. Title huwa jina la linki pale tu ambapo hakuna kingine cha kulitungia jina. Kwa kuwa alt ipo na ina maneno, title inasukumwa kuwa maelezo ya ziada, na si kila kisoma skrini huyatamka. Kwa anayeona, inatokea akituliza kipanya juu yake. Kwenye simu hakuna kipanya. Na anayetumia Tab kwenye kompyuta haioni pia.

#17 Juma_Kisauni

Wadau wa bara na visiwa, hamjambo. Mbona msitumie `aria-label`? Mimi huweka "Omba udahili" kwenye aria-label ya linki na alt naacha ya picha. Nimejaribu na kisoma skrini kinasema "Omba udahili" pekee.

#18 Mzee_wa_Seva

Juma, umesema kweli: aria-label inashinda kila kilichomo ndani ya linki. Lakini kwa kushinda hivyo, alt yako ya picha haisikiki tena kwa mtu anayetembea kwenye linki, kwa hiyo umeandika maelezo marefu ambayo hayasomwi. Na mrudie Lulu kwenye #14: picha isipofunguka, brauza itamwonyesha alt, si aria-label. Yeye bado atakutana na wahitimu wanne. Ukiiweka "Omba udahili" kwenye alt yenyewe, umewahudumia wote wawili kwa sehemu moja.

Aria-label naitumia pale ambapo hakuna pa kuweka alt, kwa mfano picha iliyowekwa kwa CSS kama mandhari ya nyuma. Ile haina alt kabisa.

#19 FundiTovuti_Moro

Nimeanza kuelewa hoja ya jina. Lakini basi kama picha ni pambo tu kwenye linki, si niweke `alt=""` yaani tupu, nijiondoe kwenye mgogoro? Nimesoma mahali kwamba picha za pambo zinaachwa tupu.

#20 Juma_Kisauni

Ndiyo, tupu ni sawa, kisoma skrini kinairuka.

#21 Mkaguzi_Huru

Juma, hapo panahitaji uangalifu mkubwa. Hii ni kazi yangu ya kila siku, na kosa hili ndilo baya kuliko lile la wahitimu wanne.

Alt tupu kwenye picha iliyo peke yake ndani ya linki haiiondoi linki. Linki inabaki, Tab inaifikia, lakini imebaki bila jina. Programu haiwezi kunyamaza mbele ya linki, kwa hiyo inatafuta cha kusema, na mara nyingi inatamka kipande cha anwani au jina la faili. Linki ya `/p?id=4471&cat=12` itasomwa herufi na tarakimu. Wahitimu wanne angalau ni Kiswahili.

Tupu inafaa mahali pamoja: ndani ya linki ileile kukiwa na maneno halisi yanayotosha.

```
<a href="/malazi">
  <img src="mbuyu.jpg" alt="">
  Malazi ya wanafunzi
</a>
```

Hapa jina ni "Malazi ya wanafunzi" na mbuyu umebaki pambo. Ukiijaza alt hapo kwa "Malazi ya wanafunzi", msikilizaji atasikia neno hilo mara mbili mfululizo.

Na kuna mtego mwingine wa kadi za habari: picha ina linki yake, kichwa cha habari chini yake kina linki yake, zote zinakwenda mahali pamoja. Msikilizaji anapita linki mbili kwa kila habari. Unganisha ziwe linki moja, kama mfano wa juu.

#22 Bi_Tumaini

Nathibitisha #21. Tovuti moja ya habari ninayoipitia kila asubuhi, nikibonyeza K nasikia kichwa cha habari, K tena kichwa kilekile, K tena namba ya faili. Nimeizoea ila inachosha.

#23 FundiTovuti_Moro

Mkaguzi_Huru, karibu. Kwa kuwa kazi yako ni hiyo, nieleze: hili ni kosa la kweli kwa WCAG, ule mwongozo wa ufikivu wa tovuti, au ni pendekezo tu? Mteja ameshikilia pesa yangu kwa sababu yake.

#24 Mkaguzi_Huru

Vigezo viwili vinahusika: 1.1.1 cha vitu visivyo maandishi, na 2.4.4 cha madhumuni ya linki. Vyote ni ngazi A, ile ya chini kabisa, na vimo tangu toleo la 2.0 la Desemba 2008. Kwa picha isiyo na alt, au yenye alt tupu na hakuna kingine ndani ya linki, ni kosa bila mjadala.

Kwa kisa chako niwe mkweli, kuna nafasi ya kubishana. 2.4.4 inasema madhumuni yajulikane kutokana na linki yenyewe au pamoja na mazingira yake ambayo programu inaweza kuyafikia, kama vile sentensi au aya iliyomo, au kipengele kilekile cha orodha. Kama bango lako la wahitimu lingekuwa ndani ya aya inayosema "Maombi ya udahili yamefunguliwa", mtu angeweza kudai linapita. Lakini kwa maneno yaliyochorwa ndani ya picha huna pa kujitetea. Ni maandishi, yanaonekana, na hayapo kwenye alt. Mimi pia ningeyakataa.

#25 Juma_Kisauni

Kwa hiyo mkaguzi mmoja atakataa na mwingine atapitisha?

#26 Mkaguzi_Huru

Kwa picha isiyo na maneno iliyo ndani ya aya ya maelezo, ndiyo, wanaweza kutofautiana. Mimi mwenyewe napendelea jina lijitegemee, kwa sababu orodha ya Bi Tumaini ya Insert na F7 haibebi ile aya.

#27 Doti_na_Kanga

Habari zenu. Nimefuata uzi wote na sasa nimechanganyikiwa kuhusu duka langu. Nauza kanga mtandaoni. Ukurasa wa orodha ni picha tupu, kila picha ukiibonyeza inafungua ukurasa wa ile doti wenye bei na kitufe cha kununua. Kwa mnavyosema, alt zangu zote ziwe "Fungua ukurasa wa bidhaa"? Mteja asiyeona atajuaje ipi ni ipi? Hapa picha ndiyo bidhaa yenyewe, siwezi kuacha kuieleza.

#28 Kipanga254

Hapo sasa! Kanuni imekutana na kanga.

#29 Mzee_wa_Seva

Dada, "Fungua ukurasa wa bidhaa" mara arobaini ni linki arobaini zenye jina moja. Hilo halimsaidii mtu. Jiulize ukurasa wa mbele unahusu nini: unahusu doti ile, si nyingine. Basi jina la doti ndilo mahali linki inakokwenda. Kanga imekurahisishia kazi, maana kila moja ina jina lake limeandikwa chini ya mji. Andika hilo jina:

```
<a href="/kanga/118">
  <img src="k118.jpg"
   alt="Mgeni njoo mwenyeji apone, nyekundu na nyeusi">
</a>
```

Hapa kilichomo pichani na linki inakokwenda vimekuwa kitu kimoja. Rangi nimeiweka kwa sababu jina lilelile hutolewa kwa rangi kadhaa, na rangi ndiyo inayotofautisha kurasa zako mbili. Kama unaiuza kwa rangi moja tu, iache.

#30 Bi_Tumaini

Na maelezo marefu ya pindo na maua ya mji yaweke kwenye ukurasa wenyewe wa doti, kwenye alt ya ile picha kubwa ambayo haibonyezwi. Huko nimeshaamua kuitazama, nina muda wa kusikiliza. Nayataka kwa kweli. Watu wanadhani asiyeona hajali kanga imechorwa nini. Mimi navaa kanga, na nikiulizwa imeandikwaje nataka niwe najua kabla sijainunua.

#31 Lulu_wa_Chakechake

Bi Tumaini umeniwahi. Lakini basi hoja yako ya #12 unailegeza kidogo? Pale ulisema rangi ya anga haina kazi.

#32 Bi_Tumaini

Siilegezi. Rangi ya kanga inanisaidia kuchagua linki ipi niibonyeze. Rangi ya anga nyuma ya jengo la utawala hainisaidii kuchagua kati ya ada na malazi. Kila neno unaloliweka kwenye jina la linki lipime hivyo.

#33 Doti_na_Kanga

Ahsanteni, hii nimeielewa. Na nikiwa na picha ndogo ambayo ukiibonyeza inafungua picha ileile kwa ukubwa, si ukurasa?

#34 Mkaguzi_Huru

Hapo linki inakwenda kwenye picha yenyewe, kwa hiyo taja picha na kitendo: "Pindo la kanga kwa karibu, kuza picha". Usianze na neno "linki" wala "picha ya", maana kisoma skrini tayari kinatangaza kwamba hii ni linki na kwamba ndani yake mna picha.

#35 Juma_Kisauni

Nina hoja ya nembo. Kwa FundiTovuti namba 1, ile ngao. Mimi naandika "Mwanzo" tu. Fupi, inasema inakokwenda.

#36 Lulu_wa_Chakechake

Na mimi naona iwe jina la chuo. Nikifungua ukurasa kutoka kwenye linki niliyotumiwa, picha zimezimwa, ile nembo ndiyo inayoniambia niko tovuti ya nani. "Mwanzo" ya nani?

#37 Mzee_wa_Seva

WordPress wamesimama upande wa Lulu: ukiweka nembo kwenye sehemu yake maalumu bila kuijazia alt, inajazwa jina la tovuti yenyewe. Mimi huandika vyote, jina la taasisi, koma, "ukurasa wa mwanzo".

Kuna sababu nyingine ya kulitaja jina kama limeandikwa kwenye nembo. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 liliongeza kigezo cha 2.5.3, kwamba maneno yanayoonekana kwenye kitu cha kubonyeza yawemo kwenye jina lake. Ni kwa ajili ya watu wanaoiongoza kompyuta kwa sauti. Mtu anasoma anachokiona na kukitamka. Kama nembo imeandikwa jina la chuo na wewe umeiita "Mwanzo" pekee, atalitamka jina la chuo na kompyuta haitaipata linki yenye jina hilo.

#38 Juma_Kisauni

Lakini ngao ya FundiTovuti haina maandishi, ina mwenge na kitabu. Kwa hiyo 2.5.3 haimgusi. Nabaki na "Mwanzo". Jina la chuo liko kwenye kichwa cha ukurasa, kisoma skrini hulisoma ukurasa unapofunguka.

#39 Lulu_wa_Chakechake

Opera Mini yangu hainisomei kichwa cha ukurasa. Nami nabaki na jina la chuo.

#40 Bi_Tumaini

Yoyote kati ya hizo naipokea. "Ngao ya kijani yenye mwenge na kitabu" ndiyo nisiyoipokea. Maelezo ya ngao yawekeni kwenye ukurasa wa historia ya chuo, nitakwenda kuyasoma huko.

Jambo jingine nje kidogo ya mada: FundiTovuti, angalia juu kabisa ya HTML yako kama imeandikwa `lang="en"`. Violezo vingi vinakuja hivyo. Kisoma skrini kinafuata alama hiyo, kinachukua sauti ya Kiingereza na kuisomea maneno ya Kiswahili. "Udahili" inatoka kitu nisichoweza kukiandika hapa. Iwe `lang="sw"`. Sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA ina Kiswahili, ila inabidi iambiwe.

#41 FundiTovuti_Moro

Ni `en` kweli, ndivyo kiolezo kilivyokuja. Narekebisha sasa hivi.

Nimebadilisha zile sita: jina la chuo na ukurasa wa mwanzo, Omba udahili, Ada na malipo, Ratiba ya mitihani, Malazi, Facebook ya chuo. Nimezifanyia kwenye maktaba ya picha ya WordPress lakini ukurasa wa mwanzo bado unatoa zile za zamani. Hata nikifuta kashe.

#42 Mzee_wa_Seva

Hizo hazitabadilika kutokea maktaba. Picha ikishaingizwa kwenye ukurasa, alt inanakiliwa pale pale na kuanza maisha yake. Fungua ukurasa, bonyeza kila picha, ubadilishe kwenye bloku yake. Hata hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa picha moja inaweza kuwa linki kwenye ukurasa huu na picha ya kawaida kwenye ule. Wale wahitimu kwenye albamu ya mahafali wabaki na maelezo yao yote, joho na kicheko.

Ukimaliza, bonyeza F12, nenda kwenye konsoli, uweke hii:

```
document.querySelectorAll('a img').forEach(i =>
  console.log(i.alt, '->', i.closest('a').href))
```

Utaona alt kushoto na anwani kulia. Soma kila mstari. Kushoto kukiwa tupu, angalia kama linki hiyo ina maneno mengine.

#43 Kipanga254

Nimeijaribu kwa tovuti ya mteja wangu. Kuna mistari mingi ya "banner2 final" kushoto. Hizo zimetoka wapi?

#44 Mkaguzi_Huru

Hayo ni majina ya mafaili. Kuna viongezi vinavyojaza alt kwa jina la faili pale mtu alipoacha wazi, na kuna watu wanaoyabandika kwa mkono. Programu za ukaguzi wa haraka nyingi zitakupa alama nzuri kwa sababu alt ipo na haiko tupu. Kama maneno yanalingana na ukurasa wa mbele, hilo linahitaji mtu asome.

#45 ChapaKazi

Nimerudi. Ile ya WhatsApp imekubali, shukrani Mzee. Na sasa naomba kuuliza kitu kinachohusu uzi. Kikundi chetu kinaweka matangazo ya kazi kama bango, ukilibonyeza linafungua PDF. Bango lina maneno mengi: nafasi, sifa, mwisho wa kutuma. Yote niyaandike kwenye alt?

#46 Mkaguzi_Huru

Hapana, jina la linki likiwa aya nzima halitumiki tena kama jina. Andika nafasi na aina ya faili: "Tangazo la kazi, mhasibu msaidizi, PDF". Ni vizuri mtu ajue kwamba anafungua PDF kabla hajabonyeza. Sifa na tarehe ya mwisho ziwe maandishi ya kawaida chini ya bango.

#47 Lulu_wa_Chakechake

Na ukubwa wa faili pia, tafadhali, sisi wa bando.

#48 Juma_Kisauni

Ukubwa si mahali linki inakokwenda, Lulu. Huo uandikwe nje, pembeni.

#49 Lulu_wa_Chakechake

Unanisaidia kuamua kama niibonyeze au la. Kwa kipimo cha Bi Tumaini cha #32 unaingia.

#50 Bi_Tumaini

Kwangu uingie, ila mwishoni kabisa, baada ya neno PDF, ili nikiandika herufi za mwanzo nilipate tangazo. ChapaKazi, hiyo PDF yenyewe imeandikwa kwenye kompyuta au ni karatasi iliyopigwa picha? Kama ni picha ya karatasi, alt nzuri itanifikisha kwenye ukurasa ambao NVDA haina cha kusoma.

#51 ChapaKazi

Ni karatasi iliyoskaniwa, ina mhuri na sahihi. Katibu anasisitiza mhuri uonekane.

#52 Bi_Tumaini

Mwambie katibu aweke zote mbili, yenye mhuri na ile aliyoichapa kabla ya kuigonga mhuri. Faili la Word analo tayari kwenye kompyuta yake.